Machinga na "maching gaizi": kisa cha bango moja Lindi

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea Lindi mjini, wiki chache kabla ya maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Ngongo. Majina ya wahusika, taasisi yao na mwaka vimeondolewa. Neno lililozua kisa tumeshindwa kulificha, kwa sababu bila hilo hakuna cha kusimulia: ni neno machinga.

Kikundi kidogo cha utamaduni kilikuwa kinaandaa mabango ya historia ya kusini. Bango la biashara liliandikwa na mratibu wa kikundi, mwalimu kijana aliyehamia Lindi kutoka mkoa mwingine. Ndani yake aliweka maelezo ambayo Watanzania wengi wamewahi kuyasikia: kwamba machinga limetokana na maneno mawili ya Kiingereza, maching gaizi, yaani vijana wanaotembea kutwa kama wako gwarideni. Hakuyatunga yeye. Alikuwa ameyasikia tangu shuleni, na wenzake watatu aliowauliza ofisini walimhakikishia kuwa ndivyo ilivyo.

Jambo ambalo hakulijua, ingawa alikuwa akiishi mwendo mfupi kutoka kwao, ni kwamba upande wa kaskazini wa mji wa Lindi, kuelekea Kilwa, wako watu wanaoitwa Wamachinga. Wana lugha yao, Kimachinga, iliyo jirani na Kimwera na Kimakonde. Ni kabila dogo, na nje ya mkoa ni wachache wanaolifahamu. Hali hiyo ndiyo ardhi ambayo etimolojia ya mtaani hupenda kuota. Kwa etimolojia ya mtaani tunamaanisha maelezo ya asili ya neno yanayotungwa na wazungumzaji wenyewe pale neno linapokuwa halijielezi: wanalikata vipande, wanatafuta vipande hivyo vinafanana na nini katika lugha wanazozijua, kisha wanaviunganisha kwa hadithi.

Yaliyotokea

Rasimu za mabango zilibandikwa ukumbini kwa siku tatu ili watu wazisome na kuzisahihisha. Siku ya pili alikuja mzee wa miaka themanini hivi, akasimama mbele ya bango la biashara muda mrefu, kisha akaomba aitiwe aliyeliandika.

"Mwanangu, hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa hapa umesema machinga ni Kiingereza. Mimi ni Mmachinga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmachinga, na hakuwahi kuuza hata sindano barabarani. Hicho Kiingereza alikisikia wapi?"

Mratibu alimwomba radhi, akaandika jina lake na kumwahidi kwamba bango halitachapishwa mpaka jambo hilo liangaliwe. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa kabla ya kupeleka kazi kwa mchapishaji.

Hatua yake ya kwanza ilikuwa kwenda stendi na sokoni, akahoji wachuuzi kumi na wawili. Swali lake lilikuwa hili: "Je, ni kweli machinga limetokana na maching gaizi?" Kumi walisema ni kweli. Akarudi na karatasi yake akiwa amechanganyikiwa zaidi, maana sasa alikuwa na mzee mmoja upande huu na wachuuzi kumi upande ule.

Hapo ndipo kikundi kilipomwita mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayeishi mjini humo, naye akampigia simu mwanaisimu aliyewahi kufanya kazi na lugha za kusini. Mwanaisimu alisema mahojiano yarudiwe yote. Swali la kwanza lilikuwa limempa mtu jibu kabla hajafungua kinywa, na lilimwomba maoni juu ya asili ya neno, kitu ambacho mzungumzaji hawezi kukijua kwa kulitumia tu. Alitaka waulizwe kitu wanachokijua wao wenyewe: neno machinga ulilisikia mara ya kwanza lini, ukiwa wapi, na nani alikuwa anaitwa hivyo?

Mahojiano ya pili yalileta habari tofauti kabisa. Wachuuzi wawili wenye umri mkubwa, waliofika Dar es Salaam katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, walisema wakati ule Wamachinga waliitwa vijana wa kutoka Lindi waliokuwa wakitembeza bidhaa mikononi. Mmoja wao, mtu wa Newala, alisimulia hivi: "Mimi ni Mmakonde. Kariakoo wakawa wananiita Mmachinga. Nikasema mimi si Mmachinga, wakasema ninyi wa huko wote ni Wamachinga tu. Baadaye hata Msukuma akishika mashati begani anaitwa hivyohivyo." Na katika wale kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyewahi kumsikia mtu akiita mwenzake maching gaizi. Wote walikuwa wameyasikia maneno hayo pale tu mtu anapoeleza machinga maana yake nini.

Jinsi hadithi ilivyopimwa

Mwanaisimu alianza na sauti, na wengi wa kikundi walitegemea hadithi ingeangukia hapo. Haikuanguka. Kiingereza kinapokopwa, sauti ya r iliyo mbele ya konsonanti hupotea, ndiyo maana mwezi wa tatu tunauita Machi. Kwa hiyo machi ya mwanzo haina tatizo. Tena, ng ya mwisho wa neno la kwanza ikikutana na g ya mwanzo wa neno la pili hutoa ng ileile tunayoisikia katika machinga. Maneno yaliyokopwa yakiwa na ng mwishoni kwa kawaida huongezewa i: shilingi, pakingi, bodingi. Lakini mtetezi wa hadithi anaweza kusema kwamba a ya machinga ni ile ya gaizi, na kwamba izi ilikatwa tu. Ukataji wa namna hiyo ni mzito kidogo, kwa sababu Kiswahili kikikopa huwa kinaongeza irabu, hakitupi mkia wa neno; hata hivyo lugha ya mtaani hukata, kama tunavyosema Dar. Uamuzi wa kipimo cha sauti ulikuwa: inawezekana, kwa masharti.

Hapa wengi hukosea kwa upande wa pili. Mtu anaposikia hadithi hii ni ya uongo, hukimbilia kusema sauti hazifanani, na mwenye hadithi akimwonyesha zinavyofanana anakuwa ameshinda bure. Kufanana kwa sauti ndiko kulikoizaa hadithi, kwa hiyo ni lazima zifanane. Kipimo cha sauti kina nguvu ya kukataa, na nguvu yake ya kuthibitisha ni ndogo. Ukiambiwa, kwa mfano, Mikindani ni mahali penye mikindu, sauti zinakataa palepale: kiambishi cha mahali -ni hakibadilishi irabu ya mwisho, mgomba hutoa mgombani na mkindu hutoa mkinduni, hivyo mikindu ingetoa Mikinduni. Kwa machinga hatukuwa na bahati ya namna hiyo.

Kilichofuata kilikuwa ngeli, na hapo kisa kilianza kufunguka. Kiswahili kikikopa neno ambalo mwanzo wake unafanana na kiambishi cha ngeli, mara nyingi hukichukua kile kipande kama kiambishi kweli. Kitabu ni neno la Kiarabu ambalo ki yake ni sehemu ya shina, lakini sisi tunasema vitabu. Kipande cha bati juu ya gurudumu, kwa Kiingereza kinaanzia na sauti mad. Kikaingia kama madigadi, na kwa kuwa ma ilisikika kama wingi, umoja wake ukawa digadi. Mzunguko wa barabarani uliingia kama kiplefti, wingi viplefti.

Sasa neno machinga lingekuwa limekopwa jana tu kutoka Kiingereza, ma yake ingetegemewa kupata jaribu hilohilo. Tungesikia chinga mmoja, machinga wengi. Hatusikii hivyo. Tunasikia machinga mmoja, na zaidi ya hapo tunasikia Mmachinga, Wamachinga: m- na wa- zimepandishwa juu ya ma ambayo haiguswi. Majina ya kazi yaliyokopwa kutoka Kiingereza hayafanyi hivyo. Ni dereva na madereva, kondakta na makondakta, hakuna mdereva. Lakini umbo la m- juu ya ma ni la kila siku kwa mtu wa kusini: Mmakonde, Mmakua, Mmatumbi, Mmatambwe. Hayo yote ni majina ya watu wenye asili yao. Mwalimu mstaafu aliyaandika ubaoni kwa mstari mmoja, kisha akaandika Mmachinga mwishoni mwake, na chumba kizima kikanyamaza. Neno lilikuwa limekaa miongoni mwa ndugu zake.

Kipimo cha tatu kilikuwa ushahidi wa matumizi. Kama neno A limezaa neno B, lazima A liwe limewahi kuwa hai: watu walilitumia, likafupishwa, na kwa muda fulani maumbo mawili yaliishi pamoja. Maching gaizi halina maisha hayo. Halitumiki kumwita mtu, halionekani katika tangazo wala katika amri ya kuwafukuza wachuuzi. Lipo ndani ya maelezo peke yake. Neno Wamachinga, kwa upande wake, lilikuwa limeshakomaa kiasi kwamba mwaka 1998 liliwekwa kwenye kichwa cha ripoti ya taasisi ya utafiti ya REPOA kuhusu vijana wachuuzi wa Dar es Salaam, nalo limeandikwa hivyohivyo, na wa- yake. Tena ni vigumu kumpata mtu wa kulitunga hilo la Kiingereza. Waliokuwa wakiwaita hao vijana ni wanunuzi, mgambo na makondakta wa Kariakoo, watu ambao lugha yao ya kazi ni Kiswahili.

Mwisho waliangalia kama historia inaweza kubeba maelezo yaliyobaki, kwamba jina la kabila liligeuka kuwa jina la kazi. Korosho, zao lililolisha kusini, lilikuwa limeporomoka: kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Vijana walikuwa na sababu ya kuondoka, na tangu katikati ya miaka ya 1980, biashara ilipofunguliwa, Dar es Salaam ilikuwa na bidhaa za kutembeza. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilikuwa halijajengwa bado, lilikuja 2003, kwa hiyo aliyefika mjini hakurudi nyumbani kila mwezi. Alikaa na wenzake, wakaonekana kama kundi. Na jina la watu kuhamia kwenye kazi yao si jambo geni kwetu. Mangi ni cheo cha mtawala kwa Wachaga, leo ukitumwa kwa Mangi unajua unakwenda dukani. Ukisikia nyumba fulani ina Masai getini, unaelewa ni mlinzi.

Maamuzi

Baada ya siku tisa za kazi, kikundi kilikuwa na njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kufuta kabisa maelezo ya asili ya neno. Waliikataa kwa sababu mgeni angekuja na maching gaizi yake kichwani na kuondoka nayo. Ya pili ilikuwa kuweka maelezo yote mawili na kumwachia msomaji achague. Mratibu aliipenda hii, aliona ni ya haki. Mwalimu mstaafu aliipinga kwa hoja nzuri: maelezo mawili yaliyopewa nafasi sawa yanasomwa kama yana ushahidi sawa, na haya hayana.

Walichagua ya tatu. Bango liseme machinga limetokana na jina la Wamachinga wa Lindi, lieleze kwa sentensi mbili namna lilivyopanuka Dar es Salaam, kisha liitaje hadithi ya Kiingereza kwa jina lake, kwamba ni maelezo yaliyotungwa baadaye. Waliweka pia ule mstari wa ubaoni, Mmakonde, Mmakua, Mmatumbi, Mmatambwe, Mmachinga, kwa sababu ni ushahidi ambao msomaji anaweza kuupima mwenyewe akiwa amesimama palepale.

Matokeo

Bango lilichapishwa kwa wakati na mzee aliitwa kuliona kabla ya wengine. Alilisoma mara mbili. Alichotaka kibadilishwe ni kitu kimoja: palipoandikwa "kabila lililokuwa likiishi" paandikwe "kabila linaloishi". Pakabadilishwa.

Kosa lilitokea kwingine. Katika daftari la kazi mwanaisimu alikuwa ameandika pembeni kwamba jina Machinga lenyewe huenda lina uhusiano na shina la kukinga. Mratibu, akiwa na furaha ya ugunduzi, aliliingiza hilo kwenye vipeperushi vya kugawa, na bila "huenda". Vipeperushi 500 vilitoka vikisema: "Wamachinga maana yake ni watu wa boma." Hakuna aliyevisoma kabla ya kuchapishwa, kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye bango. Viligawiwa vyote siku mbili za mwanzo.

Uchambuzi

Tuanze na hilo la boma, kwa sababu linafundisha kuliko lile la Kiingereza. Dokezo la mwanaisimu halikuwa la kubahatisha. Pale ambapo Kiswahili kina ki, lugha kadhaa za kusini na za jirani zina chi: kitu kwetu, chinthu kwa Kichewa. Kichewa hichohicho kina kitenzi -tchinga, kuzungushia ua au kukinga, kinacholingana na kinga yetu. Na li- na ma- ni umoja na wingi katika baadhi ya lugha hizo, hivyo mtu akiona Lichinga, mji mkuu wa mkoa wa Niassa huko Msumbiji, na Machinga, ni rahisi kuona jozi. Sauti zinalingana kwa kanuni, ngeli inakubali, maana inaeleweka.

Pamoja na hayo yote, bado ni dhana. Kanuni za sauti zinaonyesha kwamba jina hili lingeweza kutoka katika shina hilo. Hazionyeshi kwamba lilitoka. Shina la silabi mbili ni fupi mno, na mafupi hugongana kwa bahati. Ili dhana ipande daraja ingehitaji ama mapokeo ya Wamachinga wenyewe yanayosimulia boma, kilima au ua fulani, yakitolewa na wazee wasiowahi kulishwa jibu, ama maandishi ya zamani yenye jina la mahali hapo. Kuna mtego mwingine pia: kati ya Wayao wa Malawi na Msumbiji limo kundi linaloitwa Amachinga, na Malawi ina wilaya ya Machinga. Jina moja halifanyi watu kuwa ndugu, na historia ya wale haiwezi kuazimwa kueleza jina la hawa. Kipeperushi kiliruka hatua hizo zote, kikaondoa etimolojia moja ya mtaani na kupanda nyingine, safari hii ikiwa imevaa nguo za kitaalamu, ambayo ni ngumu zaidi kung'oa.

Kilichofanya kazi vizuri kilikuwa kutenganisha maswali mawili yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Neno machinga la wachuuzi limetoka wapi? Hilo lina jibu imara. Jina Wamachinga lenyewe limetoka wapi? Hilo ni swali la zamani zaidi na linahitaji ushahidi wa aina nyingine. Mzee alikuwa shahidi mzuri wa la kwanza, kwa kuwa aliweza kusema bibi yake aliitwa nani kabla ya wachuuzi kuwapo. Kwa la pili hata yeye alisema, "Jina tulilikuta."

Mahojiano ya kwanza yalipoteza siku nne kati ya kumi na tisa. Kosa lake ni la kawaida sana na hutambulika kirahisi: ukiona majibu yote ni "ndiyo" au "hapana", umekusanya kura, hujakusanya ushahidi. Majibu yenye faida yana mwaka, mahali na mtu ndani yake. Yule wa Newala hakuwa na maoni yoyote juu ya asili ya neno, lakini malalamiko yake ya kuitwa Mmachinga akiwa Mmakonde yalionyesha hatua ya katikati, pale jina lilipokuwa linatoka kwenye kabila na kuhamia kwenye kazi. Hatua hiyohiyo ndiyo iliyokosekana kabisa kwa maching gaizi.

Swali moja lilibaki kwa kikundi: kwa nini wachuuzi wenyewe wanaishikilia hadithi ya Kiingereza? Waliporudi kuwauliza, muuza mikanda mmoja mwenye asili ya Singida alijibu kwamba yeye hapendi kuitwa kwa kabila la watu wengine, na hadithi hiyo inampa jina linaloeleza kazi yake na miguu yake. Sababu yake ni ya kweli na inastahili heshima, ingawa haibadilishi asili ya neno. Inaeleza pia kwa nini hadithi haitakufa kwa kukanushwa mara moja.

Kuhusu vipeperushi, kikundi kiliandika karatasi ndogo ya masahihisho na kuipeleka kwenye shule tatu zilizokuwa zimechukua nakala. Ilisema dhana ya boma haijathibitishwa, na ikawaomba walimu ambao wanafunzi wao wana bibi na babu Wamachinga wawatume wakaulize, kwa maneno haya yaliyopigiwa mstari: "Jina letu mlilisikia likisimuliwaje?"